Mkono wa Samli Ukutani

Mwanangu Gladness alipotaka kubandika karatasi ya mapambo kwenye ukuta wa sebule yangu, nilimwambia wazi: ikibanduka na wewe nitakubandua humu ndani. Alicheka. Alimaliza mafunzo ya ufundi wa rangi na mapambo, akakaa kwa fundi mmoja mjini akimshikia ngazi na kumkorogea gundi, akachoka kushika ngazi za watu. Alitaka ukuta wake wa kwanza uwe wa kwetu, Kirumba, ili mteja akiuliza, "Umefanya wapi?" awe na pa kumleta.

Sikuwa na shida na ufundi. Shida yangu ilikuwa mafuta. Mimi nina diploma ya teknolojia ya chakula, nakagua minofu ya sangara kiwandani, na maisha yangu yote ni kupambana na mafuta ya samaki. Ukuta wa rangi unaufuta. Ukuta wa karatasi unaufanyaje? Nilimuuliza. Akanijibu, "Mama, kila kitu kina namna yake." Jibu la fundi asiyetaka kuulizwa.

Alibandika. Karatasi ya rangi ya maziwa yenye majani membamba ya dhahabu, kuanzia juu hadi chini, majani ya kipande hiki yakikutana na ya kipande cha pili kama yameota pamoja. Nilitafuta viungo kwa kidole sikuviona. Nilimpikia pilau. Anayenijua anajua maana yake.

Ndipo akapatikana Bi Sihaba. Huyu mama ana nyumba ya wageni karibu na uwanja wa mpira, mtu wa biashara tangu enzi za baba yake, hanunui kitunguu bila kukigeuza. Alitaka vyumba vyake vyote vibandikwe karatasi. Mafundi wawili wenye majina walishampelekea bei. Alimwambia Gladness, "Wewe mtoto mdogo, sina ubaya na wewe, ila sitoi kazi kwa maneno. Nitakuja Jumamosi mchana niuone ukuta wako kwa macho yangu. Nikiona doa, tumeagana."

Hiyo kazi Gladness akiipata, anakuwa fundi. Akiikosa, anarudi kushika ngazi.

Jumamosi asubuhi akafika wifi yangu Mhoja kutoka Kisesa.

Mhoja ni dada mkubwa wa mume wangu, Ngosha. Ana ng'ombe, ana sauti, na ana kidole kidogo cha mkono wa kulia kilichopinda nje, kilivunjwa na kamba ya ng'ombe akiwa msichana. Haji mikono mitupu. Alishuka kwenye bajaji na kuku, viazi, na kopo la samli aliyoipika mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi," Gladness akamwamkia, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimesikia umekuwa fundi wa kuvalisha nyumba nguo. Nionyeshe hiyo nguo."

Akaonyeshwa. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akazungusha shingo taratibu. "Ngosha," akamwambia mdogo wake, "mtoto huyu si wako. Wewe hujawahi kunyoosha hata kitu kimoja maishani." Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaenda jikoni kutenga chai.

Niliporudi na birika, Mhoja alikuwa amefungua kopo, amechota samli kwa vidole, amepaka kiganja kizima, na ameubandika mkono wake ukutani. Katikati kabisa. Mahali jicho la mtu linapotua akiingia mlangoni.

"Kazi ya mikono hii ipokelewe," alisema, kwa heshima zote. "Iwe laini kama samli."

Nyumbani kwao ndivyo walivyofanya. Bibi yao mzaa mama alikuwa akibariki kila nyumba mpya hivyo, kiganja cha samli ukutani, na Mhoja ameirithi kazi hiyo. Nami nilibarikiwa hivyo nilipoolewa, kwenye nyumba ya tope kule Kisesa. Ila ule ulikuwa ukuta wa tope.

Nilimtazama Gladness. Rangi ilimtoka usoni. Lakini alisema, "Wabeja, shangazi. Asante sana." Akainamisha kichwa apakwe kidogo na yeye kwenye paji. Hapo nilimsifu moyoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwingine angepiga ukunga.

Nilifanya linalonihusu. Nilimwambia Ngosha, "Mpeleke dada yako soko la samaki la Mwaloni akachague dagaa mwenyewe, asije akasema tumemnunulia wenye mchanga." Mhoja anapenda Mwaloni kuliko kanisa. Chai ilinywewa haraka, wakaondoka.

Mlango ulipofungwa tu nikachukua sponji na sabuni ya vyombo.

"Mama, usiguse!"

"Mafuta yanatoka kwa sabuni. Hiyo ni kazi yangu, usinifundishe."

"Kwenye chuma, ndiyo. Kwenye sakafu ya kiwanda, ndiyo. Hii ni karatasi tupu, haina plastiki juu. Ukiilowesha inalainika, ukisugua inatoka nyuzi, na hata isipochanika inabaki duara la maji. Tutakuwa na madoa mawili."

"Basi kata hicho kipande ubandike kingine."

"Kingine kipi? Mabaki nilimalizia nyuma ya mlango. Dukani Nyamagana walileta mzigo mwingine, rangi yake imekolea zaidi. Nikiweka pale katikati, Bi Sihaba atauona kiraka kabla hajavua viatu."

"Petroli kidogo je? Mafundi wanatumia."

"Na nyumba ikiungua tutamwambia nini? Halafu petroli inayasambaza mafuta, inaacha ukingo. Mama, weka hiyo sponji chini."

Niliiweka. Sipendi kuamrishwa kwangu, lakini aliyeongea alikuwa anajua.

Aliusogelea ukuta, hakuugusa. Samli ilikuwa imekaa kwa mabonge, hasa kwenye kiganja, na pembeni karatasi ilikuwa imeanza kuwa na kivuli. Alichukua kadi ya mwaliko wa harusi, ile ngumu, akaanza kuinua mabonge kwa ukingo wake, kutoka nje kwenda ndani, akifuta kadi kila mara. Hakuvuta hata bonge moja kuelekea sehemu safi. Kisha akachukua karatasi laini za chooni, nyeupe zisizo na maua, akagusisha tu, akainua, akatupa, akachukua nyingine. Kila nilipotaka kumwambia abonyeze zaidi, nilijing'ata ulimi.

Juu kulipokauka, mkono ulibaki. Sasa haukuwa samli, ulikuwa kivuli cha samli ndani ya karatasi. Vidole vitano, kile kidogo kimepinda nje.

"Hayo yaliyoingia yanatoka kwa joto," alisema. "Pasi na karatasi ya kaki. Yanayeyuka, kaki inayanywa."

"Joto kiasi gani?"

Akasita. "Fundi wangu alikuwa anaweka katikati."

"Fundi wako alikuwa anatoa mafuta gani?"

"Ya nywele. Ya kupikia. Sijui."

Hapo ilikuwa zamu yangu. "Samli inayeyuka hata mkononi mwa mtu. Haitaki moto. Weka pasi chini kabisa, mwisho wa chini. Ukiiunguza samli inabadilika rangi, na karatasi nayo inageuka njano. Na kwa kuwa ni pasi ya mvuke, mwaga maji yote."

Alinitazama, akatabasamu. "Sawa, mkaguzi."

Nikamwaga maji ya pasi, nikaifuta ndani ya tundu. Yeye alitafuta karatasi. Nilimpa gazeti, akalikataa bila kuniangalia: wino wake ungehamia ukutani. Tulichana zile za kaki ninazofunikia madaftari ya wadogo zake, mpya, zisizo na maandishi wala nta.

Bado hakuanza. Alisukuma kabati, akaenda nyuma yake, mahali ambapo hakuna mtu atakayeona, akaweka kaki juu ya jani la dhahabu, akagusisha pasi, akainua. Tukainama wote wawili kuangalia. Dhahabu haikuhamia kwenye kaki. Rangi ya maziwa ilibaki ya maziwa. Alipitisha kiganja: hakuna kilichovimba.

"Sasa," akasema.

Alishika kaki kwa vidole, mimi nikashika pasi, kwa sababu suala la joto lilikuwa langu. Nilibandika, nikabonyeza, nikainua. Kaki iligeuka nyeusi-nyeusi, na humo ndani ukaonekana mkono. Wote. Kiganja, vidole, hata kile kilichopinda. Nikasema, "Yesu wangu, Mhoja huyu hapa." Tukacheka kama wendawazimu.

Aliiweka hiyo mezani akaleta safi. Haturudii iliyolowa, alisema, maana itarudisha ilichokunywa. Ya pili ikatoa vidole na kiganja, hafifu. Ya tatu nusu. Nikaanza kuona raha, na raha ndiyo inayoharibu kazi: niliikalisha pasi mahali pamoja, pembeni, pale vipande viwili vinapokutana.

"Toa, Mama! Toa!"

Nilitoa. Ukingo wa karatasi ulikuwa umeinuka, kidogo sana, kama ukucha. Gladness hakunigombeza. Alichukua brashi yake ya kulainishia, kavu, akaukalisha ule ukingo, akauegemea kwa kiganja safi, akafumba macho. Nilisimama na pasi yangu nikisikia bodaboda zinapita nje. Sikumbuki nimewahi kuomba kwa ajili ya ukucha wa karatasi.

Alipotoa mkono, ukingo ulikuwa umelala. Umeshika.

"Ni joto tu," alisema. "Ikipoa inarudi. Ila sasa gusa na uinue, gusa na uinue. Usikae kama uko kwenye sofa."

Nikagusa na kuinua, kama nilivyoambiwa na mtoto niliyemfundisha kushika kijiko.

Mwisho kaki zikawa zinatoka safi. Lakini ukisimama pembeni, ukauangalia ukuta kwa mwanga wa dirisha, kivuli kilikuwepo, kama mtu aliyekaribia kusahaulika. Bi Sihaba ni mtu wa kusimama pembeni.

"Unga," nikasema. "Ule mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito. Wanga mtupu. Unavuta mafuta."

"Nilikuwa naenda kusema poda ya watoto."

"Poda ina manukato. Chukua unga."

Aliuchukua kwa pamba, mkavu, akaugusisha kwenye kivuli mpaka kikafunikwa chote. Kisha hakuna cha kufanya. Unga unataka kuachwa. Ukiufuta mapema hujafanya kitu. Kwa hiyo ukutani kwangu palikuwa na mkono mweupe, mkubwa, wazi kuliko ulipokuwa wa samli, tena majani ya dhahabu yakiuzunguka, na sisi tumekaa tunautazama.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Ni Sihaba. Nimewahi, foleni haikuwepo."

Nilisimama. Nilikuwa tayari kumpeleka uani, nimwambie sebule imepigwa dawa ya mbu, nimlishe mpaka ashindwe kusimama. Nilifungua mdomo. Gladness alinishika mkono.

"Mama, aingie."

"Na huo?"

"Aingie auone. Vyumba vyake vitalalwa na watu, havitalalwa na malaika."

Akaenda kufungua mwenyewe.

Bi Sihaba aliingia na baibui yake nyeusi na pochi chini ya kwapa, akatusalimu, macho yake yakafika ukutani kabla salamu haijaisha. Akasimama.

"Mnacheza mchezo gani? Huu ndio ukuta?"

"Ndiyo, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Huo mkono?"

"Asubuhi shangazi yangu alibariki ukuta kwa samli," Gladness alisema, sauti imenyooka. "Samli imetolewa kwa pasi na kaki. Hapo ni unga, unamalizia kuvuta. Nikiufuta sasa utaona kivuli. Nikiuacha hutaona kitu. Ukipenda kusubiri, keti. Usipopenda, nimekuelewa."

Bi Sihaba alimtazama kama anavyotazama kitunguu. "Samli," akasema. "Kwenye karatasi isiyo na plastiki."

"Ndiyo, Bi."

"Wale mafundi wengine waliniambia karatasi zao hazishiki mafuta kabisa."

"Walikudanganya," nikasema mimi.

"Najua walinidanganya. Nina wageni wanaokula samaki wa kukaanga kitandani halafu wanaegemeza vichwa vya mafuta ukutani wakiangalia mpira." Akaketi. "Leteni chai. Nasubiri."

Akanywa chai. Akala maandazi. Akazunguka ukuta wote, kona hadi kona, akasimama pembeni, akachuchumaa kuangalia ubao wa chini ya ukuta, akapitisha ukucha mahali alipodhani pana kiungo na hapakuwa nacho. Kisha akaja mezani akaziona kaki. Zilikuwa zimelala kwa mpangilio zilivyotoka: ya kwanza mkono mzima, ya pili umepauka, ya tatu nusu, halafu vidole tu, halafu kitu kama moshi, halafu kaki tupu. Aliziinua moja moja akiziweka kwenye mwanga wa dirisha. Akazirudisha zilivyokuwa.

Wakati huohuo Mhoja na Ngosha wakaingia, wamebeba dagaa.

Nilijua tumekwisha. Mhoja alimsalimia mgeni, akageuka kuutazama mkono wake, na Gladness tayari alikuwa ameshika brashi laini. Hakujificha. Alisema, "Shangazi, nilitaka uwepo," akaanza kupangusa unga kutoka juu kwenda chini, kama anapangusa shavu la mtoto. Unga ukaanguka kwenye gazeti alilotandika. Kidole gumba kikaondoka. Kiganja kikaondoka. Kidole kilichopinda kikaondoka mwisho.

Ukuta ulikuwa rangi ya maziwa na majani ya dhahabu. Basi.

Bi Sihaba alienda kusimama pembeni. Akainama. Akainama upande wa pili.

Mhoja ndiye aliyesema kwanza. "Mmeutoa mkono wangu."

Ngosha akaangalia dagaa.

Gladness alichukua ile kaki ya kwanza mezani, akamkabidhi shangazi yake kwa mikono miwili. "Haujatupwa, shangazi. Umehama."

Mhoja aliishika kaki. Aliigeuza kwenye mwanga, mafuta yakaangaza, na mkono ukaonekana. Akaweka kiganja chake juu yake. Kikatosha. Kidole kilichopinda kikalala ndani ya kidole kilichopinda.

"Nyumbani," alisema taratibu, "ukuta ukipakwa jioni, asubuhi huoni kitu. Tope limekunywa. Bibi alikuwa anasema ukuta ukinywa, baraka imepokelewa. Huu wenu niliuona umegoma kunywa. Nilikaa Mwaloni pale roho inaniuma, nasema labda nimemkosea mtoto." Akamtazama Gladness. "Kumbe hauna koo. Umeutafutia koo."

"Ndiyo, shangazi."

"Imenywa?"

"Imenywa yote. Nyingine ni hizo pale."

Mhoja akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuita ng'ombe. "Ngosha! Njoo uone mwanao alivyoilazimisha karatasi kunywa samli!" Akaikunja kaki vizuri, akaisukuma kwenye begi la vifaa la Gladness, kati ya kisu na brashi. "Hii inakwenda na wewe kazini. Usiitoe."

"Kazini wapi?" Bi Sihaba aliuliza kutoka kule pembeni. "Mbona mnanipangia?" Akaja katikati, akashika pochi yake. "Binti, sikiliza. Vyumba vyote utabandika wewe. Lakini nina sharti."

"Ndiyo, Bi."

"Utawafundisha wasichana wangu wa usafi hiki mlichofanya leo, pasi na kaki na unga, mpaka kila mmoja anifanyie mbele yangu."

"Nitawafundisha. Na mimi nina sharti."

Nilimkanyaga mguu. Hakujali.

"Nyuma ya vitanda, pale wanapoegemeza vichwa, nibandike ile yenye plastiki inayofutika. Ni ghali zaidi. Kwingine kote hii. Sitaki mwakani useme Gladness alikuwekea karatasi ya kupendeza mwezi mmoja."

Bi Sihaba alinigeukia mimi. "Huyu umemzaa wewe?"

"Mimi."

"Ndiyo maana."

Sijui kama lilikuwa tusi. Nililipokea kama sifa, nikaenda jikoni kubandika dagaa. Mhoja alinifuata akanisimamia mgongoni akiniambia naweka chumvi nyingi, na mara moja tu katika ndoa yangu sikumjibu.

Sasa hivi Gladness yuko chumba cha nne. Anarudi na gundi kwenye nyusi, anakula, analala. Wasichana wa Bi Sihaba wameshajua kutotumia sponji. Mmoja wao alimfukuza mgeni aliyetaka kusaidia kwa kitambaa kibichi.

Na ukuta wangu upo. Watu wa kiwandani wakija, majirani wakija, hata padri alipokuja kuniulizia michango, nawasimamisha palepale mlangoni. Nawaambia, hapo katikati palikuwa na kiganja kizima cha samli ya Kisesa. Nendeni, kaeni pembeni, washeni tochi za simu, tafuteni.

Wanatafuta. Mimi nasimama, nimekunja mikono, nasubiri wachoke.